Bibi Shida, Mzee Ruksa na Mama Tatu: daftari la wiki

Jumatatu. Mgeni aliyefikia Kariakoo alikuwa akiwasubiri ndugu wa mume wake kutoka huku Kibaha. Ujumbe ukaingia: "Tupo Maili Moja, tunakuja." Binti aliyekuwa karibu naye, mwenye Kiingereza kizuri kuliko sisi wote, akamwambia kwamba wamebakiza maili moja. Mgeni akateremka, akasimama mlangoni mwa hoteli na nguo zake za kupokelea wakwe. Ndugu walifika jua limeshazama, kwa sababu kutoka Maili Moja hadi katikati ya Dar es Salaam ni kama kilomita 40, na foleni ya Barabara ya Morogoro haina huruma na mtu.

Nimelifikiria kosa lile kwa sababu dawa yake ilikuwa ndani ya ujumbe wenyewe. Hakuna mtu wa Kibaha anayepima safari kwa maili siku hizi. Angetaka kusema umbali angesema "tumebakiza kilomita moja", au zaidi "tumeshafika". Neno la kipimo ambacho watu wameshakiacha, likiwa limesimama peke yake baada ya "tupo", ni jina la mahali. Ndivyo ilivyo pia kwa Picha ya Ndege, kata ya jirani zetu. Ukilitafsiri jina lile, mgeni atamwonyesha dereva wa bodaboda maneno ambayo dereva hajawahi kuyasikia, na kabla ya hapo wewe mwenyewe utakuwa umelazimika kuamua ni ndege wa mtini au ndege ya angani. Hata Tangini yetu ni "tangi" na "-ni" tu, lakini ukimwandikia mtu kwamba unakaa "kwenye tangi" atakuonea huruma bure. Jina la mahali linaandikwa herufi kwa herufi, na kando yake unaeleza ni nini: mtaa, kituo cha basi, kata, na kipo umbali gani.

Majina ya mahali ni rahisi. Wiki hii nilitaka kuandika juu ya majina ya watu.

Jumatano. Kisarawe na Kibaha ni nchi ya Wazaramo, na Mzaramo hazikwi bila mtani. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara iliyoshuka pwani, na kazi ya mtani msibani inajulikana: kuchekesha waliofiwa, kudai chochote, kuzuia shughuli mpaka apewe. Zamani alifanya hivyo kwa mdomo, uani. Sasa anaandika kwenye kundi la simu la familia, na kundi hilo lina wajukuu waliozaliwa Denmark au Norwei ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu.

Tuchukue jina Shida, kwa kuwa vijiji vya huku havikosi Bibi Shida. Mtani anaandika hivi: "Poleni Wazaramo. Bibi Shida katutoka alfajiri. Sasa Tangini hakuna shida tena, ila mchele nao hakuna. Kila mjukuu alete misimbazi miwili, la sivyo jeneza haliondoki."

Mjukuu anakuomba umtafsirie. Ujumbe mzima una sentensi chache tu, na kila moja inadai uamuzi wake.

Anza na jina. Ukilitafsiri, marehemu anageuka kuwa "Bibi Matatizo", jina ambalo hakuitwa na mtu yeyote hai, na mjukuu atadhani kijiji kinamtukana. Ukiliacha bila kusema kitu, sentensi ya tatu inakuwa ya kutisha: bibi amekufa alfajiri, na mtu anasema mambo sasa ni shwari. Kwa hiyo jina linabaki Shida, na maana yake inatajwa mara moja, mapema. Inafaa pia kumwambia kwamba mtoto hupewa jina hilo kwa hali iliyomkuta mama yake wakati wa kujifungua, kama Tabu, Sikudhani au Masika. Si tusi, wala si sifa ya mtoto.

Kisha inakuja "hakuna shida", na hapa ndipo ufundi wa mtani ulipo. Kiswahili huwa kinatuambia kama neno ni mtu au kitu, kwa sababu kitenzi hubeba alama. "Shida kaondoka" ni bibi. "Shida imeondoka" ni tatizo. "Tumempata Riziki" ni mtu; "tumepata riziki" ni chakula cha leo. Mzungumzaji anayetaka kucheza na jina analazimika kupitia mahali ambapo alama hiyo haipo: baada ya "hakuna", "bila", "na", "kwa". Ndiyo maana mtani hakusema Shida hayupo. Alisema hakuna shida, na kwa maneno mawili akamtaja bibi na tatizo kwa pamoja. Kwenye kitabu herufi kubwa ingetusaidia, lakini kwenye simu watu huandika kila kitu kwa herufi ndogo, kwa hiyo usiitegemee.

Wapo wanaofanya kinyume chake, wanavunja upatanisho kwa makusudi. Mtani akiandika "Shida zimekwisha leo" huku jeneza likiwa sebuleni, ile "zi" aliyompa binadamu ndiyo mzaha wenyewe. Mtafsiri mwenye haraka huidhania kosa la uandishi, akairekebisha kimyakimya, na mzaha ukafa mikononi mwake. Mimi hufuata njia hii: nikikuta jina lenye maana, naangalia kitenzi kilicho karibu nalo. Kikimtambua kama mtu, hakuna mchezo, jina linapita kama lilivyo. Kikikosekana, au kikimtendea kama kitu, nasimama na kuisoma tena sentensi nzima.

Kwa mjukuu wetu ningeandika sentensi ile hivi: Tangini haina Shida tena, wala haina shida. Nimelirudia neno mara mbili mahali ambapo mtani alilisema mara moja tu. Mzaha umepungua makali, nakubali, lakini umeonekana. Kwenye lugha yake, neno la kwanza litabaki jina la bibi na la pili litakuwa neno la kwao la matatizo. Kwa kuwa ameshaambiwa maana ya jina, ataunganisha mwenyewe.

Misimbazi ni jambo jingine. Msimbazi ni noti ya shilingi 10,000, iliyopewa jina hilo kwa wekundu wake, rangi ya Simba, wenye makao yao mtaa wa Msimbazi. Hapo sihangaiki kuhifadhi utamu. Lakabu yenye hesabu ndani yake igeuzwe kuwa hesabu: shilingi 20,000 kwa kila mjukuu. Dai la mtani lina mzaha, lakini fedha ni ya kweli, na mjukuu lazima ajue anaombwa kiasi gani. Hadithi ya noti na mpira anaweza kusimuliwa siku nyingine.

Linabaki jeneza. Hapo hakuna jina wala neno gumu, na bado ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu mtu asiyejua utani atasoma kwamba mwili wa bibi yake umeshikwa mateka. Kwa sababu hiyo maelezo ya utani yanatangulia, juu kabisa, kabla ya neno la kwanza la ujumbe: anayekuandikia ni mtani wa ukoo, ni wajibu wake kufanya mzaha na kudai, familia inamtegemea kwa hilo, na akipewa kidogo ataridhika. Nawasihi wenzangu wanaotafsiri wasiyaweke maelezo haya kwenye mabano katikati ya sentensi. Mzaha unaosimamishwa njiani ili ufafanuliwe haumchekeshi mtu. Mpe msomaji funguo mlangoni, kisha mwache aingie mwenyewe.

Ijumaa. Lakabu za wakubwa zina tabia zake. Rais Ali Hassan Mwinyi alizaliwa mwaka 1925 Kivure, Mkuranga, mkoa huu huu wetu wa Pwani, akatawala kuanzia 1985 hadi 1995, akafariki tarehe 29 Februari 2024. Nchi nzima ilimwita Mzee Ruksa, kwa kuwa chini yake biashara binafsi na bidhaa za nje zilifunguliwa baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 2021, zimelibeba jina hilo, likiandikwa "Rukhsa".

Ile "kh" ina uzito wake. Kwa ndugu walioko Maskati neno hilo ni la Kiarabu, kwa hiyo ukiliandika kama lilivyo wanalitambua. Lakini leo kwao rukhsa ni kibali au leseni, na anayesoma "Mzee Rukhsa" bila maelezo anaweza kumfikiria ofisa wa leseni. Kwa hiyo hata pale neno linaposomeka bila taabu, kisa chake hakisomeki. Liache jina, ongeza kishazi kimoja: rais aliyefungua milango ya biashara. Na "Mzee" usimgeuze kuwa kikongwe, ni heshima.

Rais Magufuli aliitwa Tingatinga, na hapa nafanya kinyume: natafsiri. Mashine ile ya kusukuma udongo inajulikana kila mahali, na jina lake katika lugha yoyote lina nguvu ileile ya kubomoa na kusonga mbele. Ukiliacha kwa Kiswahili linampeleka msomaji pabaya, maana wageni wengi wanalijua Tingatinga kama picha za rangi kali za wanyama, mtindo uliopewa jina la mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Jina la ukoo la mchoraji halitafsiriwi kamwe. Lakabu ya rais inatafsirika. Neno ni moja, na maamuzi ni mawili.

Jumamosi. Mama Tatu si mama watatu. Kama wangekuwa watatu, Kiswahili kingesema "watatu"; "Tatu" iliyosimama bila kiambishi ni jina la mtoto, mara nyingi wa tatu kuzaliwa, na mama huyo anaitwa kwa mwanawe. Katika barua ya kawaida ningeandika "Mama Tatu" na kuongeza kwamba ndiye mama wa Tatu. Tabu inaanza pale mjukuu wa Denmark anapotuma zile 20,000 kwa simu. Kabla hajathibitisha, skrini inamletea jina lililosajiliwa, ambalo ni la kitambulisho, na halina Mama wala Tatu ndani yake. Anashtuka, anakatisha. Hana kosa, kwa sababu ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huja na maelezo kwamba jina litakalotokea ni la mtu mwingine.

Kwa hiyo anayemtafsiria ujumbe wa kuomba fedha ampigie Mama Tatu kwanza, amuulize laini imesajiliwa kwa jina gani, kisha aandike yote mawili kwenye mstari mmoja: jina analoitwa nyumbani, na jina litakalotokea kwenye simu.