Vous Si Shikamoo

Somo la kwanza kabisa la Kifaransa, mwalimu aliandika ubaoni kwamba tu ni ya marafiki na watoto, na vous ni ya wazee na wakubwa. Tukanakili, tukapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Sentensi fupi, inaingia kichwani haraka, na baadaye ikakaribia kunikosesha kula.

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, lakini Kifaransa nilitoka nacho. Naishi Nyamira, naandika chochote kinacholipwa. Miongoni mwa wanaonilipa ni kikundi cha wachongaji wa Tabaka, kule upande wa Kisii, watu wanaochonga lile jiwe laini ambalo wengine huliita jiwe la sabuni. Mimi huwaandikia barua pepe kwa mnunuzi wao, mama mmoja wa Ufaransa mwenye duka dogo la mapambo. Mzee anayeongoza kikundi huongea Kiswahili, mimi natoa Kifaransa, ankara inaenda, kila mtu anakula.

Sasa tatizo. Mzee akisema "Mwambie nauliza kama bakuli zimefika salama," hakuna chochote kwenye Kiswahili kinachonilazimisha kuamua huyu mama ni nani kwetu. Zimekufikia. Basi. Ni -ku- ile ile ninayomtupia mdogo wangu. Kifaransa kinakataa kuanza sentensi kabla hujaamua. Na mimi, nikiwa na mstari wangu mwekundu, nikaamua kwa umri.

Huyu mama ni rika la mamangu, kwa hivyo vous. Hapo sikukosea, kwa maana mtu usiyemjua huanza naye na vous hata akiwa na miaka ishirini. Kosa lilikuwa kwenye sababu. Barua ya tatu au ya nne, aliandika mwishoni: On peut se tutoyer, si vous voulez bien. Yaani tunaweza kuitana tu, kama hutajali. Akaweka jina lake la kwanza peke yake. Nikacheka. Mimi, mtoto wa Nyamira, nimwite mwanamke wa miaka hamsini na kitu tu, na jina lake tupu, bila hata "mama" mbele? Nikaendelea na vous yangu, naona nina adabu kweli kweli.

Barua iliyofuata ilikuja na mistari miwili. Alikuwa amerudi kwenye vous, hakuna habari za mvua wala za paka wake, na chini Cordialement. Kisha akauliza kama kuna shida kuhusu bei.

Wakati huo huo duka lilikuwa limeajiri msichana wa kupokea mizigo. Niliona picha yake, nikakadiria kwamba ni mdogo kwangu, nikamwandikia Tu peux m'envoyer les photos? Akajibu kwa vous, kila kitenzi, kama mtu anayefunga dirisha polepole. Hakunitukana. Ndivyo wanavyokurekebisha, wanakujibu kwa kiwakilishi ambacho ulipaswa kutumia, halafu wanangoja uone. Mimi sikuona kwa wiki mbili.

Kwa hivyo acha niseme wazi: hao wanaotufundisha kwamba vous ni shikamoo ya Wafaransa wanatudanganya. Kwanza shikamoo yenyewe sisi wa bara ya Kenya tunaijua kwa kuazima. Lakini hata kwa anayeijua vizuri, shikamoo hupanda tu. Mdogo anatoa, mkubwa anajibu marahaba, na hakuna siku mkubwa atasema sasa tuiache. Vous huenda pande zote mbili. Bosi na karani huitana vous, majirani wazee wawili huitana vous miaka thelathini. Inapima umbali, na umbali unaweza kufupishwa. Mwenye haki ya kupendekeza ufupishwe ni mkubwa, au mteja, au aliye juu kazini. Umri unaingia hapo tu, kwenye nani aanze. Akishapendekeza, ukibaki na vous umemwambia kwamba hutaki ukaribu wake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mfano mzuri tulikuwa nao nyumbani. Mgusii yeyote anajua chinsoni, ile aibu ya heshima kati ya kizazi na kizazi. Baba haingii ovyo nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mwana naye ana mambo hasemi mbele ya baba. Inawafunga wote wawili. Lakini magokoro wangu, ambaye ni mkubwa kuliko baba, natania naye mambo ambayo siwezi kuandika hapa, na yeye ananirudishia mabaya zaidi. Kama adabu ingekuwa hesabu ya miaka, nyanya ndiye ningemwogopa kuliko wote. Mwalimu angetuuliza swali moja tu kuhusu nyanya zetu, tungeelewa vous kabla ya kengele.

Na kuna wale wengine, wanaosema Kiswahili hakina heshima kwa kuwa kina "wewe" moja. Ati tunaandika kavu. Hao wanatafuta heshima mahali ambapo hatukuiweka. Sisi tunaiweka kwenye mzee, mama, mwalimu, kwenye "naomba" na "samahani," kwenye kuuliza habari za nyumbani kabla ya kutaja pesa. Kuwa na viwakilishi viwili hakujamfanya mtu yeyote mpole. Tarehe 30 Juni 1960, Leopoldville, Patrice Lumumba alisimama mbele ya mfalme wa Ubelgiji, na kati ya machungu aliyoyataja ni hili: kwamba Mweusi aliitwa tu, na si kwa urafiki, bali kwa sababu vous ilikuwa ya Wazungu. Neno ni lile lile nililopewa na mama wa duka kama zawadi. Tofauti ni kwamba Mkongo hangeweza kulirudisha. Hadi leo maadili ya polisi wa Ufaransa, tangu 2014, yanawataka wamwambie raia vous, na sheria haiandikwi bila kuwa na kidonda.

Hivyo mimi sasa sihesabu miaka. Naangalia kama ninachopewa ninaweza kukirudisha.

Kurudisha nako kuna kazi. Ukihama, hama na mizigo yote: te, ton, s'il te plaît, Bien à toi mwishoni badala ya Bien à vous. Rasimu yangu ya kwanza ilisema Tu trouveras votre facture, mguu mmoja ndani mmoja nje, ni vile tu niliisoma kwa sauti kabla ya kutuma. Cordialement haina upande, inakuokoa. Na ukiwaandikia yeye na msichana wake pamoja ni vous tena, ya wingi, hakuna anayeumia. Ile ya heshima kwa mtu mmoja nayo ina mtego wake: kitenzi huenda wingi lakini sifa hubaki umoja. Vous êtes très gentille, bila s. Tuliotoka kwenye Kiswahili, ambako kila kitu kinafuata ngeli, huwa tunaiongeza.

Nilimwandikia mama huyo upya. Tu, jina lake la kwanza, na mstari mmoja wa kueleza kwamba kwetu ilinichukua muda. Akajibu siku hiyo hiyo, paka akarudi.

Nikaenda Tabaka kumsimulia mzee. Alisikiliza huku akisugua bakuli kwa msasa ndani ya maji, kisha akauliza, "Kwa hivyo miezi yote hiyo alikuwa anabisha, na wewe uko ndani unamwambia asante?"