Bei ya lori si ile unayotajiwa kwenye simu

Mwezi unapofika ukingoni, familia nyingi za mjini huanza kufunga mizigo ili kuhamia nyumba nyingine. Wengi huwapigia simu wenye magari wawili au watatu, wakamchukua aliyetaja bei ya chini. Lakini huenda bei hizo si za kazi moja. Mmoja anakuuliza una vyumba vingapi, mwingine anafikiria kitanda na meza tu, na wa tatu amehesabu na vijana wa kubeba.

Kwa hivyo, kabla ya kupiga simu, andika orodha ya vyombo vyote na idadi ya maboksi. Taja uko ghorofa ya ngapi, na kama gari litafika mlangoni au litaachwa barabarani. Kila mwenye gari asomewe orodha hiyo hiyo. Asiyejua ukubwa wa mzigo atakuja kusema umezidi wakati nusu yake tayari imo garini.

Tuchukue mfano wa familia inayohama kutoka Umoja, Nairobi, hadi Nakuru, mwendo wa kilomita 160 hivi. Inaishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Ina vitanda viwili, makochi, friji, runinga, kabati na maboksi ishirini. Inapata bei tatu: pikapu Sh7,000, kanta Sh13,000, na kampuni ya kuhamisha watu Sh19,500.

Kwa masikio, pikapu imeshinda. Lakini mzigo huo hautaenea kwenye pikapu mara moja. Safari mbili ni Sh14,000. Vijana wawili wa kubeba, kila mmoja Sh500, watalipwa Umoja na Nakuru, na siku zote mbili. Hizo ni Sh4,000, na jumla inafika Sh18,000.

Kanta inabeba vyote kwa mkupuo mmoja. Dereva ana utingo, lakini kazi ya utingo ni kupanga na kufunga kamba, si kushusha friji kutoka ghorofa ya tatu. Vijana watatu kila upande watakula Sh3,000, na jumla ni Sh16,000. Kampuni inabaki pale pale, Sh19,500, kwa kuwa wabebaji wa pande zote mbili wamo ndani ya bei.

Hapo ndipo umbali unapoonyesha makali yake. Kama familia hii ingehamia Buruburu, ambako ni karibu na Umoja, safari mbili za pikapu zingegharimu kidogo na pengine ndizo zingekuwa nafuu. Kwa Nakuru, kila safari ya ziada ni mafuta ya kwenda na ya kurudi, na gari likirudi tupu ni wewe unayelipia. Ndiyo maana lori lililoleta viazi Nairobi na sasa linarudi Nakuru laweza kukubali bei ndogo. Hakikisha tu kwamba limefagiwa, lina turubai, na litaondoka siku unayoitaka.

Sasa tofauti ya kanta na kampuni ni Sh3,500, wala si kubwa kama ilivyoonekana. Je, fedha hizo zinanunua nini? Kampuni inasema vyombo vina bima. Usiridhike na neno hilo. Bima ambayo kila gari la Kenya linalazimika kuwa nayo inahusu watu wanaoumia au kufa katika ajali. Friji yako haimo. Vyombo huhitaji bima ya mizigo iliyo safarini, nayo ni karatasi tofauti.

Omba kuiona karatasi hiyo. Tazama kama tarehe haijapita na kiwango cha juu cha malipo ni kipi. Uliza kama inalipia kitu kikianguka kwenye ngazi au gari likipinduka pekee, na kama maboksi uliyofunga mwenyewe yanahesabiwa. Tazama pia kiasi utakachobeba mwenyewe kwanza. Kikiwa Sh5,000, sahani zilizovunjika za Sh2,000 ni hasara yako.

Kwa hivyo, mwenye friji na runinga mpya ana sababu ya kuongeza Sh3,500, ikiwa karatasi inagusa ngazi pia. Mwenye vyombo vikuukuu achukue kanta, na runinga aizungushie blanketi.

Yeyote utakayemchagua, piga picha za vyombo kabla havijapakiwa. Andikeni idadi ya safari, ghorofa za pande zote mbili, na nani atalipa gari likiharibika njiani. Toa malipo ya kwanza kidogo tu, na salio ulipe chombo cha mwisho kikishaingia nyumbani.