Kuandika Mapato Si Kuipigia Serikali Magoti

Makomredi, kuna wazo linazunguka kwenye magrupu yetu na limeanza kunikera. Ati ukiuza fulana mtandaoni au ukipata dili za matangazo, usiandike chochote, maana kuandika ni kuirahisishia KRA kazi. Wengine wanaongeza kwamba hata sheria yenyewe ilishakufa. Haikufa. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mnamo Julai 31, 2024, tukashangilia. Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo. Tulichozima barabarani Juni 2024 kilikuwa Mswada wa Fedha wa 2024, kitu kingine kabisa. Lile zuio la asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni (walitaka 15 hawa!) lipo tangu Julai 2023.

Na limekaa vibaya. Linakatwa kwenye jumla ya malipo, kabla hujatoa hata shilingi ya bando. Ila si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali, na unapojaza ritani yanapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa. Asiyeandika ndiye anayeyapoteza.

Chukua mwenzangu mmoja wa Nakuru, mwaka wa 2024. Alipata dili nne za 60,000 kila moja. Kila mara simu yake ilionyesha 57,000, kwa sababu 3,000 zilikatwa. Aliuza fulana zenye nembo yake za 300,000. Kampuni moja ikampa viatu vya 20,000 ili avivae kwenye video. Viatu navyo ni mapato, bana. Kwa hivyo viandike kwa bei ya dukani siku ulipovipokea.

Jumla ni 560,000. Fulana, uchapishaji na bando vilimgharimu 200,000, na kwa kila kitu alidai ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 risiti ya kuandikwa kwa kalamu haimpunguzii mtu kodi. Faida ikabaki 360,000. Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, zile 72,000 zilizobaki asilimia 25. Inakuja 46,800. Toa nafuu ya kibinafsi ya 28,800, anadaiwa 18,000. Toa 12,000 zilizokwisha katwa, zinabaki 6,000 tu.

Sasa mfanye yuleyule awe komredi wetu asiyeandika. Mkononi ana taarifa ya M-Pesa tu, imeingia 528,000. Hana ankara, hana cheti. KRA ikimkadiria kwa zile pesa zilizoingia, hata baada ya nafuu anadaiwa 67,000. Na hapo sijagusa pesa za chama na za harambee zilizopitia laini hiyohiyo. Nani atathibitisha kwamba hazikuwa mauzo? Ni wewe. Sheria ya Taratibu za Kodi inamtwika mlipaji mzigo wa kuonyesha kwamba makadirio yamekosewa. Hakimu hatakuuliza uko chama gani.

Kwa hivyo daftari, au shiti kwenye simu, na laini au till ya biashara peke yake. Kwa kila dili andika tarehe, aliyelipa, jumla iliyo kwenye mkataba, kilichokatwa na kilichoingia. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuandika 57,000 kama mapato. Ukiandika hivyo, kisha utoe zile 3,000 kwenye kodi, hesabu zako hazitalingana na za iTax na utaitwa ujieleze. Andika 60,000. Hifadhi kila kitu miaka mitano.

Safu moja zaidi ni ya cheti, na hapa ndipo hasira yetu inapaswa kuelekezwa. Kampuni ikikata, ina siku tano za kazi kuwasilisha pesa hizo, na iTax hutoa cheti kwa PIN yako. Mwenzangu alipata vyeti vitatu kati ya vinne. Kampuni ya nne ilikata, ikanyamaza. Bila cheti hicho angelipa 9,000 badala ya 6,000, yaani 3,000 zilezile mara mbili, huku waliozikalia wakiendelea kumtumia meseji za “hongera kwa video”. Serikali inayomfuata msichana kwa sababu ya viatu ingeweza kuanza na kampuni hiyo.

Kwa kuwa daftari lilikuwepo, alijua ni dili gani na tarehe gani. Aliandika barua pepe, akaambatisha mkataba na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha 57,000, akawakumbusha kwamba wasipowasilisha, deni hilo la kodi ni lao. Cheti kilitoka wiki mbili kabla ya Juni 30, siku ya mwisho ya ritani.