Tumelipa minervali mara mbili: makuta yanarudi namna gani?

Mwanzo wa kila trimestri jambo hili linarudi kwetu. Mama anatuma minervali ya mtoto wa sekondari kwa simu, rezo ya Yangambi inakatika, ujumbe haufike, anatuma tena. Saa ya jioni ujumbe mbili zinaingia pamoja. Ao baba aliye Kisangani amelipa, na mama huku nyumbani naye amelipa, bila kuambiana.

Mbele ya kulia, tuhakikishe kama kweli tumelipa mara mbili. Kila malipo ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money yana nambari yake ya marejeo, iliyoandikwa ndani ya ujumbe. Kama ujumbe mbili zina nambari moja, ni malipo moja tu, ujumbe ndio umefika mara mbili. Kama nambari ni tofauti, ni malipo mawili. Kisha tuangalie makuta yanayobaki kwa simu. Tuseme mama alikuwa na 200.000 FC, na minervali ni 90.000 FC. Kama amelipa mara moja, anabaki na karibu 110.000 FC, tukitoa bei ya kutuma. Kama anakuta hata 20.000 FC hazifike, yote mawili yametoka.

Sasa tuulize: yametoka, lakini yamefika? Hapo ndipo tunajua mlango wa kubisha.

Kama malipo moja yametoka kwa simu yetu lakini hayakuingia kwenye konti ya shule, yako kwa kampuni ya simu. Tunaita huduma ya wateja ao tunaenda kwa ofisi yao, na kuwapa nambari ya marejeo, tarehe, saa na kiasi. Wao ndio wanaweza kuyarudisha.

Kama yote mawili yameingia kwa shule, kampuni haitaweza kuyanyangánya tu, kwa sababu konti ile ni ya mtu mwingine na pengine makuta yamekwisha kutolewa. Hapo deni ni la shule. Sheria ya Kongo ya tarehe 30/7/1888 juu ya mapatano inasema wazi kwamba aliyepokea kitu kisicho haki yake anapaswa kukirudisha, hata kama alikipokea bila kujua. Basi hatuombi msaada, tunadai chetu.

Tuende kwa mtunza makuta wa shule na simu yetu, pamoja na karatasi yenye nambari zote mbili. Tumuombe atazame konti ya shule ya siku ile, asisome ujumbe wetu peke yake, maana ujumbe mtu anaweza kuuandika mwenyewe. Akiisha kuona malipo mawili ya mtoto mmoja, tuache barua fupi kwa prefe, kama hii:

«Tarehe fulani nililipa minervali ya mtoto wangu (jina, darasa) mara mbili, 90.000 FC kila mara, kwa nambari za marejeo hizi mbili. Ninaomba kurudishiwa 90.000 FC kwenye simu iliyolipa.»

Tuifanye nakala mbili. Moja inabaki kwa shule, nyingine inarudi kwetu na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Bila muhuri ule, kiisha mwezi watasema hawakuona barua. Kama ni baba aliyelipa mara ya pili, makuta yarudi kwa simu yake, ao yeye akubali kwa maandishi yapewe mama.

Mara nyingi shule itasema: «Tuyahesabu kwa trimestri ya pili.» Tunaweza kukubali, lakini shule ipige risiti yenye kuandikwa «trimestri ya pili», leo hii. Neno la mdomo linapotea siku mtunza makuta akibadilishwa. Kama mtoto anahama shule, tukatae, tuombe makuta yenyewe. Bei ya kutuma mara ya pili shule haikuipokea, basi hiyo tusiidai kwake.

Barua ikikaa bila jibu, tupeleke nakala yenye muhuri kwa komite ya wazazi, kisha kwa sudivizioni ya elimu.

Tujihadhari na jambo moja. Wezi wanajua watu wanatafuta makuta yao. Mtu anaita: «Mama, mimi ni wa kampuni, nipe nambari yako ya siri nikurudishie.» Kurudisha makuta hakuombi nambari ya siri hata siku moja. Tukate simu, tuite kampuni sisi wenyewe.

Na mara ingine rezo ikikatika, tusitume tena mbele ya kuangalia makuta yanayobaki. Kama yamepunguka, malipo iko njiani.