Ripoti ya awali isiyoijua floraidi ya Meru irudishwe

Mshauri elekezi akishasaini mkataba wa kusanifu mradi wa maji, kazi yake ya kwanza kukabidhi ni ripoti ya awali. Kwa kawaida hupewa takribani mwezi mmoja. Ndani yake anaeleza alivyoielewa kazi, njia atakazotumia, nani atafanya nini, na mpango kazi wa mwezi hadi mwezi. Ikipokewa, analipwa sehemu ya kwanza ya fedha. Kwa kuwa ni ya kwanza na haina mchoro hata mmoja wa bomba, wengi huiona kama utaratibu wa kupitisha tu: inafunguliwa, inasifiwa jalada lake, inapigwa muhuri.

Tunasema wazi kwamba kwa Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru mazoea hayo yakomeshwe. Hapa makosa makubwa ya usanifu wa maji hayafanyiki kwenye michoro. Yanafanyika katika mwezi ule wa kwanza, na ripoti ya awali ndiyo karatasi pekee ambayo mwajiri anaweza kuyaonea kabla hayajagharimu kitu.

Sababu ni mlima wenyewe. Miamba ya volkano ya Meru ina magadi mengi na chokaa kidogo. Floraidi inayotoka kwenye miamba hiyo haipati chokaa ya kutosha ya kuishika na kuituliza chini, hivyo inabaki ndani ya maji na kusafiri nayo. Maziwa ya Momella yana floraidi ya mamia ya miligramu kwa lita. Mto Maji ya Chai unapita miligramu 10. Chemchemi nyingine zina kiasi kidogo zaidi, na mbili zilizo karibu zinaweza kupishana sana. Matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia ya watoto wa Arumeru, na kwa waliokunywa maji makali kwa miaka mingi, kwenye mifupa iliyopinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, hakikujengwa pale kwa bahati.

Sasa tuangalie sura ya kwanza ya ripoti, ile ya uelewa wa kazi. Mara nyingi ni hadidu za rejea zilizonakiliwa na kupangwa upya, pamoja na kurasa kadhaa za historia ya mji, idadi ya watu na vivutio vya utalii. Mwajiri anayejua Arusha ni mji wa kitalii hahitaji kuambiwa hivyo na mtu anayemlipa. Anachohitaji kuambiwa ni kitu kama hiki: mwaka 1974 nchi iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 za floraidi kwa lita kwa maji ya vijijini. Baadaye, kwa miaka mingi, kikomo kilikuwa 4. Leo kiwango cha Tanzania ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Maana yake, chemchemi yenye miligramu 3, ambayo usanifu wa zamani uliihesabu kuwa chanzo halali, leo haifai kunywewa peke yake. Mshauri anayechukua orodha ya vyanzo kutoka ripoti ya zamani bila kuipitisha kwenye kipimo kipya hajaielewa kazi, hata akiandika kurasa 80.

Hilo si jambo la nadharia. Mradi mkubwa wa majisafi na usafi wa mazingira wa Jiji la Arusha, ulioidhinishiwa mkopo na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2015 na ambao gharama yake imekuwa ikitajwa kuwa takribani shilingi bilioni 520, ulikusudia kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Moja ya maswali yake magumu lilikuwa wapi pa kupata maji yenye floraidi ndogo. Kila usanifu mdogo utakaofuata, wa kata au wa kijiji, utakutana na swali hilohilo ukiwa na fedha chache zaidi.

Tuchukue kazi ya mfano tuipige hesabu. Mkataba wa miezi 8 unaanza Juni 1. Kuna chemchemi mlimani inayoshuka kwa mserereko, na visima virefu tambarare vyenye floraidi ya miligramu 0.8. Mpango ni kuchanganya maji hayo kwenye tangi moja yafike 1.5, jumla ya mita za ujazo 10,000 kwa siku. Ripoti ya awali inakuja na chati ya rangi nzuri: Julai kuchukua sampuli, Agosti na Septemba usanifu wa awali, kisha usanifu wa kina, na Januari makabrasha ya zabuni. Hakuna mwezi uliopotea. Msomaji mvivu anaridhika.

Lakini Julai ni baada ya masika. Ardhi imeshiba, chemchemi inatoka kwa nguvu na maji yake yamezimuliwa na mvua. Sampuli inapimwa, inasoma miligramu 3. Kwa namba hiyo, kati ya kila lita 100 za mchanganyiko, chemchemi inaweza kutoa 32 na visima 68. Mshauri anasanifu visima vya mita za ujazo 6,800 hivi, anachora bomba, anachagua pampu. Oktoba, kabla ya vuli, chemchemi ileile imepungua na inasoma 4. Ukichanganya kwa uwiano uleule, tangi linafika miligramu 1.8. Mradi mpya, maji haramu. Ili kurudi kwenye 1.5 visima vinatakiwa kutoa takribani 7,800, yaani mita za ujazo 1,000 zaidi kila siku, na hapo bado hatujaacha nafasi yoyote ya usalama. Hicho ni kisima kingine au viwili, pampu nyingine, pengine na bomba la kipenyo kingine. Sampuli moja ya Julai imedanganya mara mbili, kwa wingi wa maji na kwa floraidi, na mara zote mbili kwa upande unaompendeza mbunifu.

Dawa yake haiongezi hata siku moja kwenye mkataba, na ndiyo maana hatuna huruma na wanaoikwepa. Vipimo vianze Juni yenyewe, wiki ya kuhamia kazini: wingi wa maji na uwezo wake wa kupitisha umeme kila wiki, kwa kifaa cha mkononi ambacho fundi yeyote anaweza kufundishwa, na floraidi maabara kila mwezi. Viendelee hadi katikati ya Oktoba. Wakati huo huo zifanyike kazi zisizosubiri floraidi, kama upimaji wa ardhi, ukaguzi wa mabomba ya zamani, hesabu ya mahitaji, utafutaji wa kiwanja cha tangi na majaribio ya kusukuma maji visimani. Uamuzi wa uwiano wa kuchanganya ufungwe baada ya kipimo cha Oktoba, na usanifu wa kina wa visima na pampu ufuate hapo. Miezi inabaki 8. Kilichobadilika ni mpangilio, na mpangilio ndio unaoamuliwa kwenye ripoti ya awali.

Ipo hatari nyingine ambayo sura ya mbinu za kazi huipita kimya. Chemchemi inashuka yenyewe, visima vinategemea umeme. TANESCO ikikata, pampu zinasimama na maji ya mlima yanaendelea kuingia tangini peke yake, yenye miligramu 4. Mfumo wa kuchanganya usio na vali ya kuifunga chemchemi pampu zinaposimama, au jenereta, ni mfumo unaofanya kazi siku za umeme tu. Mshauri hawezi kusanifu vali hiyo mwezi wa kwanza, wala hatumdai. Tunamdai aiandike kama suala la kuamuliwa, aseme litaamuliwa lini na kwa takwimu zipi. Sura ya mbinu iliyojaa maneno kama "ushirikishwaji" na "mbinu za kisasa" bila orodha ya maamuzi ya namna hiyo haimfungi mtu yeyote.

Na chemchemi za Meru si za bure. Wameru na Waarusha wameendesha mifereji ya kumwagilia tangu zamani, na mfereji una wazee wake na zamu zake. Kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, lakini karatasi hiyo haitamzuia mkulima wa mgomba aliyekaushiwa zamu yake. Majina ya mifereji iliyo chini ya chanzo yawe ndani ya ripoti, pamoja na tarehe za vikao.

Kuhusu timu tutasema kidogo kwa sababu ujanja wake unajulikana. Kampuni inashinda zabuni kwa wasifu wa mtaalamu mahiri wa maji chini ya ardhi, kisha kwenye ripoti ya awali jina limebadilika. Mbadala anahitaji ridhaa ya mwajiri na asiwe na sifa pungufu. Hakuna cha kujadili. Kinachosahaulika ni miezi yake ya kazi. Akipangiwa Juni na Julai tu, nani atasoma vipimo vya Oktoba?

Lawama hatumwachii mshauri peke yake. Hadidu za rejea zikitaka "sampuli ya maji" bila kutaja misimu, mwajiri amejiandalia hasara mwenyewe. Akikaa na ripoti mezani miezi miwili bila maoni, au akaipokea kwa kunyamaza, baadaye hatakuwa na mdomo wa kudai. Mamlaka za maji na RUWASA wana wahandisi wanaoijua Meru kuliko mgeni yeyote. Wapewe siku 14 kuisoma na kuandika maoni kwa majina yao, na maswali yao yawe machache: kipimo gani cha floraidi kimetumika, sampuli zitachukuliwa miezi ipi, uwiano utaamuliwa lini, umeme ukikatika itakuwaje, mifereji ni ipi.

Ripoti isiyojibu maswali hayo irudishwe kwa barua, na ankara ya kwanza irudi nayo.