Kitufe cha "Pakua" ni ahadi usiyoweza kuitimiza

Waandishi wa programu wenzangu, leo nina ugomvi nanyi, na mimi mwenyewe nimo. Tunaweka kitufe cha "Pakua", kwetu kinafanya kazi, tunakwenda kunywa chai. Nani ametuambia faili limefika?

Mwaka jana niliandika ukurasa wa fomu ya basari kwa ofisi moja hapa Garissa. Fomu ilikuwa PDF ndogo tu. Mama mmoja wa Masalani akanipigia: "Mwanangu, nimebonyeza mara sita, hakuna kitu." Nikafungua kumbukumbu za seva. Maombi sita, yote yamejibiwa 200. Kwa seva, mama ana fomu sita. Kwa mama, hana hata moja, na siku ya mwisho inakaribia.

Dalili ilikuwa kwenye utambulisho wa kivinjari chake: `; wv`. Maana yake ni WebView ya Android, yaani kidirisha cha wavuti kilicho ndani ya programu nyingine. Mama alibonyeza kiungo alichotumiwa kwenye kikundi, ukurasa ukafunguka humo humo. WebView haionyeshi PDF, na haipakui chochote mpaka aliyeandika programu ile aiwekee `DownloadListener`. Asipoiweka, jibu la seva linatupwa kimya kimya. Hakuna hata ujumbe wa kosa.

Najua mtaniambia: "Si upime kwanza?" Haya, pima:

```
'download' in document.createElement('a')
```

Ndani ya WebView hiyo hiyo utajibiwa `true`. Injini inalifahamu neno `download`, lakini kuandika faili kwenye simu ni kazi ya programu iliyoibeba injini hiyo, na ukurasa wako hauna njia ya kuiuliza. Kutafuta `wv` nako hakutoshi, kwa sababu programu nyingine huiweka `DownloadListener` na nyingine hubadilisha utambulisho. Na ukitengeneza faili ndani ya ukurasa kwa anwani ya `blob:` umezidisha balaa: `DownloadManager` ya Android inakubali `http` na `https` tu.

Basi tukubali kwamba hatujui, tujenge kwa kutojua huko. Niliandika fomu yote upya kama ukurasa wa kawaida, maswali yanajazwa pale pale, na mwisho mtu anapewa namba fupi ya kunakili kwa kalamu. PDF nimeiacha chini kwa anayeitaka, pamoja na anwani fupi ya kuandika kwenye kivinjari kamili. Maneno "Faili limepakuliwa" nimeyafuta, kwani sikuwa na haki ya kuyasema.

Mama alijaza kwa simu ile ile, akanisomea namba yake. Hapo ndipo nilipojua imefika.

Anayebisha na abishe hapo chini, ila kwanza afungue kazi yake kutoka ndani ya kikundi.