Muwasho bila uchafu: wakati ngozi yenyewe ndiyo inagonjwa

Mwanamuke akisema kama sehemu zake za siri zinamuwasha, wengi wanawaza mara moja infeksio. Ananunua vidonge vya kuweka ndani ya uke, kisha antibiotiki, na mara nyingine bwana yake pia anapewa dawa. Lakini kuna muwasho ambao dawa hizo haziwezi kumaliza, kwa sababu hauko ndani ya uke. Uko juu ya ngozi ya inje.

Tuwaze mama wa miaka 56, ambaye aliacha kuona siku zake miaka tano iliyopita. Anajikuna, zaidi sana usiku, tangu mwaka muzima. Hakuna uchafu wenye kutoka, hakuna harufu. Ametumia dawa za infeksio mara ine. Kila mara anapata nafuu siku chache, kisha muwasho unarudia. Kwa hasira anaanza kujisafisha na sabuni yenye harufu, asubuhi na magaribi, na dawa ya kuua mikrobe ndani ya maji. Sasa ngozi inachoma hata akienda kukojoa.

Siku moja anachukua kioo kidogo, anachuchumaa mahali penye mwangaza, na kujiangalia. Anaona mambo matatu. Kwanza, ngozi kando ya midomo ya uke imekuwa nyeupe, na weupe huo unashuka mpaka karibu na njia ya choo kubwa. Pili, ngozi hiyo ni nyembamba na yenye kungaa, imekunjana kama ganda la kitunguu, na kuna vidoa vidogo vya damu mahali alipojikuna. Tatu, midomo midogo ya uke imepunguka, kama vile inashikamana na midomo mikubwa. Mama ambaye alivuta wakati alikuwa musichana anaweza kutambua jambo hilo upesi kuliko wengine.

Ugonjwa huo unaitwa likeni sklerosi. Askari wa mwili, wenye kupaswa kupigana na mikrobe, wanashambulia ngozi yenyewe. Hauambukize. Haukutoka kwa bwana, na haukutoka kwa mwanaume mwingine. Kwa hiyo hauwezi kuwa ushuhuda wa uzinzi wa mutu yeyote. Unapatikana zaidi kwa wamama walioacha kuona siku zao, lakini pia kwa wasichana wadogo.

Si kila weupe ni ugonjwa huo. Kuna madoa meupe yenye kuitwa vitiligo: ngozi inapoteza rangi tu, lakini inabakia laini na nzima, na kwa kawaida haiwashe. Na kuna ngozi yenye kukasirishwa na kitu chenye kuigusa: sabuni yenye harufu, poda ya kufulia isiyotoka muzuri ndani ya nguo, javeli, kodeksi zenye marashi, maji ya ndimu na chumvi, ao majani ya kujisafishia. Hapo ngozi inavimba, inachoma, inakuwa nyeusi zaidi ao yenye kuwa kama zambarau, na inapona kama kile kitu kinaachwa. Mara nyingi mambo mawili yanachangana, kama kwa mama wetu: likeni ilianza, sabuni ikaongeza moto.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiombe feza. Acha vitu hivyo vyote kwa majuma mawili. Nawa inje tu, mara moja kwa siku, na maji safi bila sabuni; usiingize kitu ndani. Vaa nguo ya ndani ya pamba, isiyobana, iliyosuuzwa mara mbili. Paka vazelini ya kawaida isiyo na harufu, zaidi sana mbele ya kukojoa kama mukojo unachoma. Kama muwasho unaisha, umepata adui yako. Lakini kama umeona ngozi nyeupe na nyembamba, usingojee majuma hayo yaishe mbele ya kwenda kuonana na munganga.

Kwenye kituo cha afya, usiseme tu "niko na infeksio". Sema hivi: "Ninawashwa inje, hakuna uchafu, na ngozi imekuwa nyeupe. Ninaomba muniangalie." Wengi wanapewa dawa bila kuangaliwa, na hapo ndipo miaka inapotea. Kama muuguzi hajue ugonjwa huo, omba barua ya kwenda kwa munganga wa wanawake ao wa ngozi, katika hospitali kubwa kama Sendwe ao Kliniki za Univerisiti. Mara nyingi munganga anatambua kwa macho. Akiwa na mashaka, anakata kipande kidogo cha ngozi ili kipimwe.

Dawa yake ni pomadi yenye nguvu, klobetazoli ya 0,05 kwa mia. Namna ya kawaida ya kuitumia ni hii: kila usiku kwa majuma 4, kisha usiku mumoja ndiyo na mumoja hapana kwa majuma 4, kisha mara mbili kwa juma kwa majuma 4. Kipimo cha kila mara ni mustari wa pomadi kutoka ncha ya kidole mpaka kiungo cha kwanza, juu ya ngozi yenye ugonjwa tu. Ukihesabu, ni mara 50 hivi, na tube moja ya gramu 30 inatosha miezi yote mitatu. Ikiisha mbele, unapaka sana; ikibakia nusu, unapaka kidogo sana.

Hapa kwetu dawa hiyo inajulikana kwa sababu mbaya, kwa maana inatiwa ndani ya mafuta fulani ya kujigeuza mweupe. Usichukue mafuta hayo ya soko kwa ugonjwa huu. Haujue nguvu yake, na yanaweza kuchanganywa na idrokinoni, yenye kuchoma. Nunua katika famasi, na karatasi ya munganga. Ukisoma kama pomadi haipakwe sehemu za siri, usiogope na kuiacha. Kwa ugonjwa huu, kwa kipimo hiki, munganga ameichagua akijua.

Muwasho unapunguka ndani ya majuma machache. Weupe unaweza kubakia, na midomo iliyoshikamana hairudie. Ugonjwa wenyewe haumalizike kabisa. Wengi wanaendelea kupaka mara moja ao mbili kwa juma ili usirudie. Kurudi kwa munganga kisha miezi 3, halafu kila mwaka, ni kwa sababu moja: bila matunzo, wanawake wachache, chini ya 5 kati ya 100, wanaweza kupata kansa mahali hapo. Kidonda kisichopona, kinundu, ao ngozi ngumu yenye kuinuka: usingojee tarehe yako, kwenda juma hilohilo.

Neno la mwisho kwa wenye mabinti. Mutoto wa miaka 5 ao 6 mwenye likeni anajikuna, anaogopa kwenda choo kubwa kwa sababu ngozi inapasuka, na anaweza kuwa na vidoa vya damu. Watu wanaweza kuwaza kama amenajisiwa. Usimushitaki mutu mbele ya munganga kumuangalia, lakini pia usifiche. Umupeleke, musikilize mutoto, na umuache munganga aangalie mambo yote mawili.